Piano Isiyo na Kitufe

Nilipomaliza kidato cha nne niliandikia chuo cha muziki barua kwa Kiswahili cha ofisini kabisa: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Niliuliza usaili unataka nini na nijiandaeje. Ningeishia hapo ningebaki na heshima yangu. Nikaongeza swali: je, piano yenu ina kitufe cha kupandisha na kushusha sauti?

Msinicheke bado. Kinanda cha kanisa letu pale Kiseke kilikuwa nacho, na ndicho kilichonilea. Mimi nilijua Do moja tu, ile ya C, ya vibao vyeupe. Mama, sauti ya kwanza kwenye kwaya, alianzisha wimbo popote koo lake lilipoamkia. Nabonyeza kitufe, vibao vyote vinapanda au kushuka mpaka nimpate, vidole vinabaki palepale. Watu wakasema kijana ana kipaji. Nami nikaamini.

Chuo kilijibu kwa barua pepe. Niandae nyimbo mbili, mmoja wa asili ya kwetu, na skeli, yaani ngazi za sauti, za C, G na F kwa mikono yote miwili. Nitapigiwa sauti nizirudie kwa kuimba, na makofi niyarudie vilevile. Mwisho kabisa: "Piano yetu haina kitufe. Utahamisha mikono."

Mwalimu wa kwaya alisoma, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akabandika plasta juu ya kitufe. "Kuanzia leo utamtafuta mama yako kwa vidole," akasema.

Jumapili hiyo mama alikwenda zake, mimi nikaenda zangu, waumini wakabaki njia panda. Baada ya ibada mzee wa kanisa aliniuliza kama umeme ulikuwa mdogo.

"Shikamoo," nikamwambia. "Ulikuwa mdogo sana."

Nyumbani nilimjia juu mama. Kwani hawezi kuanzia sehemu moja?

"Mimi ni mtu," akasema, "si redio."

Lakini kila jioni alinifuata kanisani na ungo wake, akakaa mlangoni akichambua dagaa na kuanzisha wimbo wetu wa Kisukuma, leo juu, kesho chini, kwa makusudi. Nilimchukia na kumpenda kwa wakati mmoja.

Siku ya usaili mtahini, mama mmoja wa miwani, aliniangalia. "Ndiye wewe wa kitufe?"

Nikaanza wimbo wetu wa Kisukuma kwa G, nikipiga na kuimba. Kwa woga sauti haikufika juu, ikakatika. Nikaona chuo kinaniponyoka. Mkono wangu wa kushoto ukapanda kutafuta kitufe, ukagusa mbao. Mtahini aliona.

Basi nikaacha piano, nikaimba kwanza, palepale koo lilipokuwa. Kisha vidole vikanitafuta. Vilinipata kwenye F.

"Nani kakufundisha kuhamisha hivyo?"

"Mama yangu."

"Anapiga piano?"

"Hapana, mwalimu. Anachambua dagaa."

Barua ya kupokelewa ilikuwa na mstari wa ziada, wa kalamu: msalimie mama, na aendelee kuanzia popote.