Mapipa ya Kigangoni

Huku Mbinga baridi ikinikamata, namkumbuka shangazi yangu Hedwiga na kijiji chetu cha ziwani. Mwanamke yule alikuwa na mdomo, lakini alipendwa. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Kila asubuhi alipita nyumba kwa nyumba na tochi, akichungulia ndoo na makopo, akimwaga maji yenye viluwiluwi huku akisema, "Mnafuga mbu au kuku?" Nani leo atanitania hivyo? Nimemkosa mno.

Homa ya dengi ilipoingia, bwana afya Shukrani alikuja kukagua. Alihesabu nyumba zenye viluwiluwi, na nyumba ikikutwa nao ilitajwa jina mkutanoni. Aibu hiyo kina mama hawakuiweza. Lakini maji ya mvua, matamu kwa kupikia maharage, hawakutaka kuyaacha. Basi wakabeba mapipa yao na kuyapanga chini ya bati la kigango, maana kanisa si nyumba. Shangazi mwenyewe ndiye aliyewaonyesha pa kuyaweka. Pipa la mwisho lilikuwa la rafiki yake Edina, na alilibeba naye.

Hesabu ikashuka. Shukrani akatusifu, tukapiga makofi. Wagonjwa wakaongezeka.

Edina akaanza homa, mwili ukimuuma hadi kope. Kipimo cha malaria hakikuona kitu. Siku chache baadaye homa ilishuka, tukashukuru mapema, kumbe tumbo likamshika na fizi zikaanza kutoka damu. Akakimbizwa hospitali, na shangazi hakula wala kulala akimngoja.

Shukrani ndiye aliyefika kigangoni na shangazi, akitafuta mbu walikotoka, akaangaza tochi ndani ya mapipa. Maji yalikuwa yakichemka kwa viluwiluwi wakubwa, walio karibu kuota mabawa.

"Mama, tumejidanganya," akamwambia shangazi. "Kopo lenye viluwiluwi watatu nalihesabia nyumba moja, na pipa kama hili silihesabu kabisa. Mbu hawa wanauma mchana, na mchana hamko nyumbani."

Shangazi akageukia mlango wa kigango. Mchana kwaya nzima ilikuwa hapo ikifanya mazoezi, na Edina alikuwa hakosi.

Edina hakurudi. Tulimzika Jumamosi.

Jumapili baada ya misa, shangazi alikuja na brashi na sabuni. Akamwaga maji ya pipa moja baada ya jingine, akasugua kuta za ndani, maana mayai hugandia pale na hungoja hata pipa likikauka. Kina mama wakamfuata, wakifunika kila lililosuguliwa kwa kitambaa kigumu, kikafungwa kwa kamba.

Alipofika lile la Edina, brashi ilimponyoka. Akaniambia, "Mwanangu, hili nililibeba mimi." Akaliinamia, akalia kama mtoto, nasi tukamwacha alie.