Ngozi ya Pampu ya Uani

Nyumba tuliyopanga Shinyanga mjini ilikuwa na vyumba vinane vilivyozunguka ua mmoja, na katikati ya ua palikuwa na kisima. Kisima hicho ndicho kilichotufanya tupange pale. Mwenye nyumba, mfanyabiashara wa nguo mwenye asili ya pwani, alikuwa akikionyesha kwa kila mpangaji mpya kabla hata hajamwonyesha mlango. Juu yake palikuwa na bamba la chuma lililofungwa kwa nati, na juu ya bamba pampu ya mkono. Hakuna aliyeruhusiwa kulifungua ili ateke kwa ndoo. Spana ilikaa dukani kwa mwenye nyumba.

Kiangazi kile pampu iliharibika. Ukishusha mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mlango, na chini kulisikika pumzi ya kikohozi tu. Sote tulijua ugonjwa. Ndani ya bomba kuna kizibo kinachopanda na kushuka, na kizibo kimevishwa ngozi iliyokunjwa mfano wa kikombe, ibane kuta za bomba na kuyavuta maji. Ngozi ikichakaa, hewa inapita, na maji yanabaki chini yakikucheka.

Mume wangu alikuwa amekwenda Geita kuchimba dhahabu, kwa hiyo nilibaki na binti yetu mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kusema maneno yanayoeleweka. Alikuwa anaumwa macho. Mhudumu wa hospitali alinipa dawa ya kudondoshea akaniambia dawa hiyo si kitu bila maji: nimsafishe macho asubuhi, mchana na jioni, kwa maji safi yaliyochemshwa, na kitambaa chake asitumie mtu mwingine. Nikamjibu ndiyo bwana. Ningemjibu nini? Kwamba ndani ya ua wetu kuna kisima tusichoweza kukinywa?

Maji tuliyafuata mtoni. Na mto wenyewe wakati huo ni mchanga mtupu. Unachimba shimo mpaka magotini, unapiga magoti, unangoja maji yajikusanye kidogo kidogo, unachota kwa kibuyu. Wachungaji wakifika na ng'ombe unasogea, maana ng'ombe hana subira na mwenye ng'ombe hana haya. Nilirudi jua limeshapanda na ndoo moja ya maji ya rangi ya chai ya maziwa. Katika hiyo nipike, ninywe, nioshe macho ya mtoto mara tatu. Nguo zilikaa bila kufuliwa. Sisi wenyewe tulikaa bila kuoga. Wapangaji wenzangu walianza kununiana na kugombania hata maji yaliyooshea mchele, watu waliokuwa wakipeana chumvi bila kuulizana.

Nikaenda kwa mwenye nyumba dukani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta kodi?"

"Kodi ulishachukua. Nimekuja kwa ajili ya pampu. Haivuti, na nina mgonjwa."

Akatazama juu, kana kwamba mawingu ni wapangaji wake pia. "Kisima kimekauka, mwanangu. Mvua si mali yangu. Tuombe Mungu."

Nilirudi nyumbani. Mungu hakuwa na kosa katika jambo lile! Pembeni ya bamba palikuwa na tundu dogo la nati iliyopotea. Nikafunga kokoto kwenye uzi wa kushonea magunia, nikaiteremsha taratibu. Ilipogusa chini nikaivuta. Uzi ulikuwa umelowa urefu wa mtu mzima na zaidi. Nikaukunja hivyo hivyo, unatiririka, nikaupeleka dukani na kuuweka juu ya kitambaa alichokuwa akimpimia mteja.

"Huu ndio ukame wako, mzee. Tunaomba fundi na ngozi mpya. Si kingine."

Mteja akacheka. Mwenye nyumba hakucheka, lakini siku iliyofuata alituma mtu.

Alimtuma mshona makubazi! Kwetu Usukumani ngozi ni kitu usichokosa. Tunalalia ngozi, tunakalia ngozi, tunafungia mizigo kwa ngozi. Mwenye nyumba akaona ngozi ni ngozi. Mshona makubazi akakata kipande cha ngozi mbichi ya ng'ombe, iliyokaushwa juani tu, akakizungushia kizibo. Pampu yenye ngozi kavu haivuti mpaka kwanza inyweshwe kwa juu, basi kila chumba kikatoa kata moja ya maji yake ya mtoni kuinywesha. Nilitoa kata ya macho ya mwanangu. Maji yakatoka kweli, tukapiga vigelegele. Kufika jioni ngozi ile mbichi ilikuwa imelowa, imelainika, imekuwa utelezi. Ikachanika na kukwama ndani. Kesho yake pampu ilitoa harufu ya mzoga na haikutoa kitu kingine.

Nilirudi dukani. Nikaambiwa, "Nimeshatengeneza. Ninyi ndio hamjui kutumia vitu."

Jicho la kushoto la binti yangu lilikuwa limeanza kufunikwa na utando. Alipolia, hakulia kwa uchungu tena, alilia kwa kuwashwa na kuchoka. Nami nikachoka kuwa mpole.

Ikaja harusi ya binti wa mwenye nyumba. Kwa desturi yetu mjini pale, harusi haichagui mwenye nyumba wala mpangaji: wanawake wote wa mtaa huchambua mchele, hukata vitunguu, na zaidi ya yote hujaza mapipa ya maji. Mkewe alipita chumba kwa chumba kutualika. Jirani yangu, mama wa mapacha kutoka Didia, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Mayu, mama, tutakwenda?"

"Tutakwenda," nikasema. "Sote, na ndoo zetu."

Tukaenda tumejifunga kanga zetu nzuri, tukipiga vigelegele njia nzima. Mlangoni kwake tukazipanga ndoo kavu mstari mmoja, midomo chini, tukaketi kando yake. Wageni wa kutoka Tinde walikuwa wanashuka garini. Mwenye nyumba akatoka na kanzu yake mpya.

"Haya mama zangu, maji! Masufuria yanangoja."

"Tumekuja kuteka, mzee," nikamwambia. "Tutekee wapi? Kisima cha uani unacho wewe. Mtoni hatuendi."

"Mnaniaibisha mbele ya wageni?"

"Aibu tuliileta dukani kwako ukaikataa. Leo imekuja na wageni."

Mkewe ndiye aliyemwambia, kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Bwana, toa hiyo spana."

Fundi wa kinu cha pamba aliitwa. Alifungua bamba, akavuta fimbo ya pampu, akakwangua vipande vya ngozi iliyooza hadi kwenye kifuniko cha chini, kile kinachozuia maji yasirudi. Akaweka ngozi iliyotiwa dawa na kulowekwa katika mafuta ya ng'ombe, kubwa kama kiganja changu. Mchele wa harusi ulikuwa bado unachambuliwa pampu ilipoanza kumwaga maji meupe. Kumbe kazi yote ilikuwa hiyo! Tukajaza mapipa yake, kwa sababu tulikuwa tumeahidi.

Ndoo yangu ya mwisho niliipeleka chumbani. Nikachemsha, nikapoza, nikamwosha binti yangu macho yote mawili. La kulia lilipona. La kushoto lilibaki na kovu jeupe, na mhudumu wa hospitali alipolitazama aliniuliza kwa nini sikumsafisha kama alivyoniagiza.

Sasa binti yangu ni mama wa watu. Akija kunisaidia kuteka, hushika mkono wa pampu na kugeuza uso wote upande wa kushoto, ili jicho la kulia liione ndoo.