Alinikumbatia mbele ya bote, lakini foto akakatala

Admin, ficha jina langu tafazali, juu kitu nitakachosema hapa hata bwana yangu hakijue. Niko mwanamuke wa miaka makumi tatu na munane, mama ya batoto bane, Mukongomani. Tulivuka na mutumbwi, tukaingia Zambia, tukapita kambi ya Kenani, sasa tunalima muhogo mu settlement ya bakimbizi. Kila Jumatano nakuja soko ya Nchelenge kuuzisha chisense, ile samaki kidogo-kidogo ya kukausha.

Kule kwetu Pweto nilisoma na binti moja, nitamuita Solange. Tulikaa benchi moja mupaka alipopata mimba, akaacha masomo, akapotea. Miaka tano iliyopita nikamuona hapa hapa sokoni. Ameolewa na Muzambia mwenye duka, iko na gari, perruque, nywele ya kununua, inafika mugongoni. Miye beseni kichwani. Nikapiga kelele ya furaha: "Solange! Ni weye?" Akaniangalia juu mupaka chini, akasema kwa Kibemba, "Mulishani mukwai," salamu ya heshima ya kupatia mutu usiyemujua, akapita. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu akabadilisha njia kabisa.

Bandugu, sitawadanganya. Wivu ilinikula. Nikimuona na kitenge mupya, siku ile hata chakula haishuki. Nilijiuliza, huyu aliyekuwa ananakili hesabu yangu, Mungu alimuonea wapi?

Mwezi uliopita, bale tuliosoma pamoja tukapanga kukutana Kashikishi, kwa nyumba ya mwenzetu moja. Mu grupu ya WhatsApp Solange hajawahi kujibu hata neno. Lakini siku ile gari ikasimama, akashuka, akanikimbilia miye wa kwanza. "Yaya yangu! Mademoiselle Chaki!" Ile jina ya masomo, juu nilikuwa naficha chaki mu mufuko. Akanikumbatia, akanichukulia sahani, akanipa paja ya kuku kutoka kwa sahani yake. Bote banaangalia. Moyo yangu ikayeyuka, franchement. Nikasema, kumbe alinikumbuka.

Lakini miye ni mutu wa soko. Mutu anayekuja na tabasamu nyingi, naangalia mukono yake iko inagusa nini. Nikaanza kumusoma. Jina ya masomo anaijua, lakini hakuuliza niko na batoto bangapi. Bwana yangu, anaishi ao alikufa, hakuuliza. Maswali yake yote ilienda njia moja: "Kibemba yako imekuwa muzuri, eh? Ungali unapika vile mama yako alikuwa anapika? Jumamosi ya mwisho ya mwezi unaokuja uko na kazi?" Halafu mwenzetu akainua simu atupige foto. Solange akaniachilia mukono, akatoka pembeni. "Hapana foto, nywele yangu mubaya." Nywele ya bei ile! Nikajua, hii mapendo iko na shida ndani.

Akanivuta nyuma ya nyumba, akaanza kulia. Binti yake, Mwila, anaolewa. Ndoa ya hapa haiendi bila chilanga mulilo. Upande wa binti banapika vyakula vya kila aina, banamuke banabeba, banapiga magoti kwa bakwe, banafunua sahani moja-moja na kueleza, ili toka siku ile mukwe awe huru kula kwao. Wa kuongoza ni bashangazi na ba mama mukubwa. Bashangazi bako, lakini upande wa mama Solange hana mutu. Miaka yote aliambia bantu ba bwana yake kama ni mutu wa Kaputa, Muzambia kamili. Ndugu zake bote alibakatala.

"Bakiona nimekuja peke yangu, batauliza mutoto huyu anatoka kwa bantu gani," akasema. "Yaya, simama kama ndugu yangu. Zungumuza Kibemba tu. Useme na weye ni wa Kaputa."

"Na miaka tano sokoni?" nikamuuliza.

"Uliniita kwa Kiswahili mbele ya shemeki yangu, ndugu ya bwana yangu. Niliogopa. Nisamehe."

Nilitaka kumutemea mate. Nilitaka pia kumukumbatia. Nikasema ndiyo.

Halafu, kwa furaha, akanionyesha foto ya mama ya muchumba wa Mwila. Bandugu, Huyu mama namujua! Ni kiliya yangu, ananunua samaki kwangu kila Jumatano. Ananiita Mama Congo. Siku moja alicheka akasema, "Samaki yenu tamu, lakini mutoto yangu hawezi kuoa kwenu." Nikipiga magoti mbele yake na sahani, atanijua hata mbele ya kufungua kinywa. Na akinijua miye, amemujua Solange.

Nilimurudishia simu. Nikasema, "Mama muzuri." Basi. Sikumuambia.

Sasa wivu inanisemesha: nyamaza, vaa kitenge, nenda. Acha naye aangaliwe juu mupaka chini siku moja. Lakini Mwila hakunikosea kitu, na ndoa itakayovunjika ni ya Mwila. Nikimuambia Solange ukweli, atatafuta mutu mwingine wa kubeba sahani, na miye nitarudi kuwa mulishani mukwai. Juu tangu siku ile, kila asubuhi ananitumia sauti kwa simu: "Yaya, umeamkaje? Umekula?" Najua kwa nini anaituma. Nimeisha kumusoma mupaka mwisho. Na bado naisikiliza mara mbili, mara tatu, mbele ya kwenda shamba.

Jumamosi imebakia siku ine. Musinitukane, munishauri kama dada yenu: nimuambie ao ninyamaze?