Sentensi Sita za Fundi Redio

Mwalimu wa Kiswahili alikuwa na mume ambaye Kiswahili chake kilikuwa na matundu kama ungo. Fundi redio, mikono ya dhahabu, lakini ulimi wake ulikuwa unapita kwenye ngeli kama mlevi kwenye maua ya jirani. Kiti kwake kilikuwa hii, mbwa alikuwa hiyo, na mkewe akimrekebisha alikuwa anacheka mpaka bisibisi inamtoka mkononi.

Wengi wangedhani mwalimu aliteseka. Kumbe ndipo alipokuwa anapata riziki ya darasa. Walimu wenzake walipokuwa wanatunga mazoezi ya sarufi, walikuwa wanakaa wanatazama dari, wanabuni makosa ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyafanya. Yeye alikuwa anakaa mezani kwake, anamimina chai, anasubiri. Fundi akifungua kinywa, kosa hilo hapo, bado lina joto. Analiandika pembeni mwa gazeti, keshoye liko kwenye karatasi ya zoezi: sahihisha sentensi hii, kisha eleza kanuni.

Hiyo ya kanuni ndiyo ilimpa jina. Wanafunzi walimwita Mama Kanuni, kwa sababu jibu sahihi kwake lilikuwa na alama moja tu. Alama ya pili ilikuwa ya sababu. "Umepata kwa kubahatisha au kwa kujua?" alikuwa anauliza. "Aliyebahatisha leo, kesho atabahatisha kwenye mtihani, na mtihani hauna huruma."

Fundi mwenyewe alijua kwamba analisha darasa zima. Kuna siku alikuwa anakosea kwa makusudi, anamkonyeza. "Mke wangu anahupenda kunisahihisha," alimwambia asubuhi moja, akiwa ameshika kijiko hewani. "Hiyo vipi, Mwalimu? Mbovu ya kutosha?"

"Hiyo imeoza," alijibu, akaiandika.

Kisha fundi akafa. Alikuwa amekaa kwenye kibanda chake, analehemu waya, moyo ukasimama. Chuma cha kulehemia kiliendelea kuwaka mpaka kikatoboa meza.

Baada ya msiba mwalimu alirudi kazini, macho makavu, gauni limepigwa pasi. Akatoa zoezi la mwisho alilokuwa ameliandaa kabla ya kifo: sentensi sita, zote za fundi. Tatu za kusahihisha, tatu za kujaza nafasi za wakati. Wanafunzi wakafanya, akakusanya karatasi, akazibeba nyumbani kusahihisha.

Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Alikaa mezani, kalamu nyekundu mkononi, akasoma sentensi ya kwanza iliyochapwa juu ya karatasi, majibu ya mwanafunzi yakiwa chini: *Kiti hii imevunjika mguu.* Na fundi akaisema. Si kwa kukumbuka, hapana. Aliisema kwa sauti yake ile ya pua, kutoka upande wa jiko, na ile "hii" akaivuta kidogo kama alivyokuwa anaivuta. Mwalimu aligeuka. Jiko lilikuwa na sufuria zake na kimya chake.

Akasoma ya nne, ya kujaza nafasi: *Jana fundi ______ (rudi) mapema.* Sauti ikasema, "Jana fundi," ikafika kwenye mstari mtupu, ikakohoa, ikaruka, ikamalizia, "mapema." Kama mtu anayevuka mtaro.

Nywele zilimsimama. Lakini hakukimbia. Nani anamkimbia mumewe?

Kilichomtia hofu ya kweli ni kalamu. Alipoipeleka kwenye karatasi, ncha ikakaribia neno, sauti ilianza kufifia, kama redio inayotoka kwenye stesheni. Akairudisha kalamu nyuma, sauti ikarudi. Akajaribu tena, ikafifia tena. Basi akaelewa, au alidhani ameelewa, na kwa mjane hayo ni mamoja: sentensi ikishasahihishwa, mwenyewe hana sababu ya kubaki. Alikuwa amebakiwa na sentensi sita za mume. Akafunika kalamu.

Wiki zikapita. Karatasi zilikuwa zinakwenda shuleni kwenye mkoba na kurudi vilevile, safi kama shuka za wageni. Kila jioni alikuwa anazifungua, anasikiliza zote sita, anazifunga. Alipika chakula cha watu wawili, akala cha mmoja.

Darasani mambo yalianza kuharibika. Mtihani ulikuwa unakuja, na darasa halijui limekosea wapi. Kiranja wa darasa, binti mmoja aliyeitwa Kipaza kwa sababu kunong'ona kwake kulikuwa kunasikika mpaka getini, ndiye aliyemkabili.

"Mwalimu, samahani. Zoezi letu limekwenda kusoma ng'ambo?"

Darasa likacheka.

"Litarudi, Kipaza."

"Tunaomba lirudi kabla ya mtihani, Mwalimu, maana mimi nimeandika 'haikuchemka' na huyu jirani yangu kaandika 'haijachemka,' na tumeshagombana mpaka hatusalimiani."

Habari zikafika ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole mwenye tabia ya kupanga rula zake kwa urefu kabla ya kusema jambo baya. Siku hiyo alizipanga mara mbili.

"Mwalimu, pole bado tunakupa," alisema. "Lakini mtihani ni Jumatatu. Wazazi wameniuliza. Leo kipindi cha mwisho nataka majibu ubaoni, na kanuni zake zote, kama ulivyotuzoesha. La sivyo darasa namkabidhi mwenzako, naye nitampa karatasi hizo azisahihishe."

"Azisahihishe yeye?"

"Si kazi lazima ifanyike?"

Mwalimu alitoka nje akasimama kwenye veranda, mkoba ameukumbatia kama mtoto mgonjwa. Yule mwenzake alikuwa mtu wa kuchapa vema na kosa bila hata kusoma, anapiga mistari kama anafyeka majani. Hakuwahi kumjua fundi zaidi ya kumletea redio na kulalamika bei. Fundi angeondoka kwa mkono wa huyo? Hapana. Kama lazima aondoke, basi afunguliwe mlango na mwenye nyumba.

Kipindi cha mwisho akaingia. Akaandika ubaoni sentensi zote sita, na mbovu akaziandika hivyohivyo mbovu. Utaratibu wake ulikuwa darasa lisome kosa kwa sauti kwanza, ili sikio lishtuke kabla ya kichwa kufikiri.

"Ya kwanza. Someni."

"Kiti hii imevunjika mguu!" Vinywa arobaini. Na chini ya vile vinywa, pale nyuma karibu na kabati la ramani, cha arobaini na moja, cha pua. Mwalimu akashika meza.

"Jibu?"

"Kiti hiki kimevunjika mguu."

"Kanuni?"

Kijana wa dirishani akasimama. "Kiti kiko ngeli ya KI-VI, Mwalimu. Kwa hiyo kionyeshi kinakuwa hiki, na kitenzi kinaanza na ki. Vyote viwili vinafuata nomino, si kimoja tu."

Akaandika. Chaki ilikwaruza. Alipomaliza nukta, alisikiliza kuelekea kabatini. Sentensi ile haikuwepo tena. Ilikuwa kama jino lililong'olewa. Ulimi unakwenda pale unakuta shimo.

"Ya pili."

"Mbwa ya jirani imeiba kiatu changu!"

"Mbwa wa jirani ameiba kiatu changu," akasema Kipaza kabla hajaulizwa. "Mbwa ana uhai, anatembea, anauma. Watu na wanyama wanafuata A-WA, hata kama jina lenyewe halianzi na m."

"Na kiatu?"

"Kiatu kiko sawa, Mwalimu. Kiatu hakina kosa, kimeibiwa tu."

Darasa likaangua kicheko, na mwalimu akasikia, kwa hakika kabisa, kabatini nako kunachekwa. Akaandika jibu. Kicheko cha kabatini kikakatika katikati.

Ya tatu. "Mke wangu anahupenda kunisahihisha," darasa likasoma, na wengine wakaguna maana hata sikio la punda lingeshtuka.

"Mke wangu hupenda kunisahihisha," akajibu binti wa mbele. "Hu ni ya mazoea. Haitaki kiambishi cha nafsi mbele yake, wala haikai pamoja na ile 'na' ya wakati uliopo. Inakaa peke yake."

"Inakaa peke yake," mwalimu akarudia, akaandika, na chaki ikavunjika.

Kipaza aliinua mkono, jambo ambalo halikuwa la kawaida. "Mwalimu," akasema, na safari hii kweli alinong'ona, "hizi sentensi ni za nani?"

Mwalimu angeweza kusema ni za kutunga. Akatazama kabati la ramani.

"Za mume wangu. Zote tangu mlipoanza darasa langu. Mimi nilikuwa naandika tu."

Kijana wa dirishani, ambaye redio ya kwao ilitengenezwa na yule marehemu, aliinamisha kichwa. Kipaza ndiye aliyesimama. "Basi tumalizie vizuri," akasema, akawageukia wenzake. "Ya nne, someni kwa heshima."

Wakasoma kwa heshima. *Alirudi*: kuna "jana," tendo limeisha na wakati wake unajulikana, kwa hiyo ni li. Ya tano, *Usiondoke, chai bado ______ (chemka)*, ikawa *haijachemka*: ja ni ukanushi wa me, na "bado" inaonyesha kwamba jambo linasubiriwa. Ku ni ukanushi wa li, kwa hiyo "haikuchemka" inazungumzia chai ya jana. Kipaza alimpa jirani yake mkono, amani ikarudi.

Ikabaki ya sita. *Kesho mimi ______ (tengeneza) redio ya mama mkwe, naapa.* Aliiapa miaka na miaka.

"Nitatengeneza," darasa likasema. "Kuna kesho. Ta ni ya wakati ujao."

Mwalimu akachukua kipande cha chaki. Nyuma ya darasa, sauti iliisema mara ya mwisho, ikakohoa kwenye nafasi, ikaapa. Akaandika neno, herufi kwa herufi, polepole kama mtu anayefunika mtoto shuka. Akaweka nukta. Darasa lilikuwa na wanafunzi arobaini, na hapakuwa na mtu mwingine.

Mwalimu mkuu alichungulia mlangoni, akaona ubao umejaa, akaenda zake.

"Kwa marudio ya kesho sina zoezi," mwalimu akawaambia. "Sina tena sentensi. Zimeisha."

Wakatazamana. "Mwalimu," akasema Kipaza, "nyumbani kwetu kuna bibi anayesema maji imekauka. Tukuletee?"

Asubuhi meza yake ilikuwa imejaa vikaratasi. Bibi wa Kipaza. Mjomba wa fulani anayeuza nyama. Mama mmoja aliyemgombeza kuku kwa ngeli ya viti. Mwalimu alivikusanya, akatunga zoezi, na jioni akakaa nalo mezani na kalamu nyekundu.

Akasoma ya kwanza. Kutoka upande wa jiko, sauti ya kikongwe asiyemjua ikasema maji imekauka.

Alisubiri kidogo, labda ingefuata nyingine, ile ya pua. Haikufuata. Akavuta kiti, akafungua kalamu.

"Karibu, bibi," akasema. "Yamekauka. Maji yako ngeli ya YA-YA."