Boksi la Vifaranga

Karakana yetu ya Kasulu ilinuka kinyesi cha kuku, na wa kulaumiwa ni mimi.

ABS ni plastiki ngumu isiyolegea juani, ila haitaki upepo. Ikipigwa na baridi wakati mashine yetu ya kuchapa vipuri inaiyeyusha na kuipanga tabaka kwa tabaka, tabaka hizo zinajikunja na kuachana. Kwa hiyo mashine hukaa ndani ya boksi lililofungwa. Mimi, kwa furaha zangu, nikaleta boksi la mama la kulelea vifaranga. Nililifuta kwa kitambaa tu, nikatia kioo mlangoni, nikajiona injinia.

Meza ya mashine ilipofika nyuzi mia moja, kila walichoacha kuku kwenye nyufa za mbao kikafufuka. Kikachanganyika na moshi wa plastiki unaokwaruza koo. Nilitapika kwenye beseni la kunawia.

"Mdogo wangu, umeleta boksi au banda?" aliuliza fundi wangu, dada mwenye ulimi, kaziba pua. Akafungua dirisha. Mimi nikaachia mlango wa boksi kidogo, tupumue.

Nje alingoja mzee Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Miguu yake haina nguvu, anaendesha baiskeli ya kuzungusha kwa mikono, na mshikio wa kuzungushia ulikuwa umevunjika. Tulishamchapia mwingine kwa plastiki ya kawaida, ukalegea juani. Siku zote hizo mkewe alimsukuma mpaka sokoni, naye aliona aibu.

Ndani ya boksi, mashine ikichapa mshikio wake mpya, tukasikia ta! Halafu ta! tena. Mshikio ulitoka na ufa katikati. Dada akapaka gundi, akapitisha msasa.

"Hataona."

Nikaufunga mwenyewe kwenye baiskeli ya mzee. Hilo linanichefua kuliko kinyesi.

Mzee alizungusha mara mbili. Ufa ukafunguka, ukambana kiganja, damu ikatoka. Akanitazama mimi, si dada.

"Mwana, hii iko biskuti," alisema taratibu. "Leo tena mama atanisukuma?"

Niliingia ndani nikakwangua boksi kwa kisu, nikisisimka mwili mzima: manyoya, minyoo iliyokauka, uji mweusi chini ya kucha. Nikalisugua, nikalianika mpaka likakauka, nikaziba nyufa kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Dirisha nikafunga, feni ya kupoza plastiki nikazima, boksi nikaliacha lipate joto kwanza. Nikaiwasha mashine ichape mshikio upya, kisha tukatoka wote, moshi ubaki peke yake.

Jioni gari la kambini likapiga honi. Mashine ilikuwa imemaliza, lakini boksi bado la moto.

"Fungua, gari linaondoka!" dada alifoka.

"Nikifungua sasa, mshikio utapasuka tena."

Mzee akamwambia dereva, "Ngoja, rafiki. Miye niko na haraka kukupita."

Kioo kilipopoa nikafungua mlango na dirisha, nikatoka nje hadi moshi uishe. Mshikio haukuwa na ufa. Mzee aliuzungusha, akaunusa, akakunja uso.

"Kuku," alisema.

Akajiendesha mwenyewe mpaka kwenye gari, mkewe akitembea pembeni, mikono mitupu.