Mubaya ya Rangi Gani?

Juzi nilirudi Bwera baada ya miaka mingi, ndugu yangu, na kabla hata sijafika nyumbani nikajikuta sokoni pale mpakani nikitafuta uzi. Kifungo cha gauni kilikuwa kimekatika garini tukitoka Kasese. Muuzaji akaniuliza rangi, nikasema nyekundu, naye akanirushia nyekundu ya kwanza iliyomjia mkononi. Nikaanza kucheka peke yangu mpaka akasogea nyuma kidogo. Nyekundu tu! Mama Fundi angenisikia angenitimua.

Mama Fundi alikuwa jirani yetu, mshonaji aliyevuka mpaka kutoka Butembo, upande wa Kongo, akiwa na cherehani yake na nguo alizovaa. Alishonea kwenye varanda iliyopakana na ukuta wetu, na sisi watoto wa mtaa ndio tuliotumwa uzi. Raha gani ile! Tulikimbia katikati ya magunia ya kahawa na matenga ya samaki mkavu wa Kasenyi, redio zikishindana kwa muziki kila kona, na malipo yalikuwa andazi la moto lililotuunguza vidole. Ila ole wako umwendee na neno "nyekundu".

"Nyekundu ya nini, mutoto? Ya pilipili? Ya udongo? Ya kahawa yenye kuiva ku muti?"

Kisha alilaza uzi juu ya kitambaa. Usipokuwa wenyewe, ulionekana kama mstari uliochorwa. Ukiwa wenyewe, ulipotea pale pale, ukabaki kuusikia kwa kidole tu. Tulipiga makofi kila ulipopotea, nakwambia, kama tumefunga goli.

Sasa sikiliza. Mwaka ule shule yetu ilichaguliwa kwenda Kasese kwenye mashindano ya nyimbo, na mimi ndiye niliyeanzisha wimbo. Mimi! Aliyenijibu alikuwa rafiki yangu wa kufa na kupona, binti wa mwanajeshi aliyekaa kambini. Mimi nikirusha mstari, yeye anaudaka na kuurudisha juu zaidi, na watu wanasimama. Likizo ikafika, nikapelekwa Kyarumba kumsaidia bibi kuchuma kahawa, nikipanda na kushuka vile vijia huku nikiimba mpaka bibi akaniambia ndege watahama. Niliporudi, nikakimbilia kambini hata miguu sijanawa. Nyumba yao ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Baba yake alikuwa amehamishwa, lori likawachukua wote, na hakuna aliyejua kama nimeachiwa hata salamu.

Tangu siku hiyo koo likaziba. Nikifika kwenye mstari wa kwanza, sauti ilikatika katikati na kifua kikadunda. Mwalimu wetu wa muziki, mtu mwema sana, akasema ni woga.

"Wacha kuogopa watu," aliniambia. "Wewe iko na sauti kubwa, imba tu."

Akanisimamisha mbele ya darasa moja, halafu mbele ya shule nzima, ili nizoee. Nikazidi kuziba. Watu hawakuwa shida yangu hata kidogo, kwa hiyo kuzoeshwa watu hakukunigusa. Bibi akashuka kutoka Kyarumba, akanipikia tangawizi. Mama akasema nina huzuni, akanikumbatia, nami nikakasirika bila kujua kwa nini. Ilibaki kidogo tu twende Kasese, na mwalimu tayari alikuwa anamfundisha mtoto mwingine mistari yangu. Nilikuwa naupoteza wimbo, na niliutaka ule wimbo kuliko chakula.

Nikaenda kujaribishwa sketi ya mashindano. Mama Fundi akanizungushia kitenge, pini mdomoni, nami nikaanza kulia juu ya kazi yake. Akazitoa pini mdomoni.

"Uko na nini?"

"Najisikia mbaya."

"Mubaya ya rangi gani?"

Kwa kweli lilikuwa swali la kazini kwetu kabisa.

"Iko fasi gani mu mwili?"

"Kooni. Na hapa kifuani, moto."

"Inakuambia ufanye nini? Ukimbie? Ujifiche?"

Nikafikiri kwanza. Ajabu ni kwamba kule kufikiri tu kulinipunguzia machozi, maana ilibidi nilitazame lile jambo badala ya kuzama ndani yake. Halikuniambia nikimbie, kwa hiyo haukuwa woga. Halikuniambia nifiche uso, kwa hiyo haikuwa aibu. Liliniambia niende kambini nikapige teke ule mlango wenye kufuli.

"Basi hasira?" akauliza.

Tukailaza juu ya kitambaa. Ilikaribia, lakini mstari ulionekana, kwa sababu hasira yangu ya kawaida huwaka na kuzima kabla ya chakula, na hii ilikuwa imekaa siku nyingi, imejikunja. Huzuni? Huzuni niliijua tangu babu alipofariki, nayo haikuwa na moto kifuani. Mama Fundi hakunichagulia. Alishika kitenge akangoja, mguu wake umetulia juu ya kanyagio la cherehani.

"Kinyongo," nikasema. Likatoka lenyewe. "Nina kinyongo naye. Ameenda bila kuniaga."

Nililia kidogo tena, lakini ndugu yangu, koo lilikuwa limelegea! Nilikuwa nimekataa neno hilo kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu niliona vibaya kumwekea kinyongo mtoto ambaye baba yake ameamriwa kupanda lori. Mama Fundi akasema kutaja si kushitaki. Na kweli, jambo lilipopata jina lilipata na ukubwa wake. Kabla ya hapo lilikuwa limejaa kila mahali, kwenye wimbo, kwenye shule, mpaka kwenye tangawizi ya bibi. Sasa lilikuwa kinyongo kimoja, kwa mtu mmoja, kwa kosa la kutoniaga. Hata nikaweza kujiuliza: je, angeweza kuningoja? Hangeweza. Nilichokosa kilikuwa kuagana, basi.

Baadaye ukubwani nilielezwa na watu waliosomea mambo ya akili kwamba ubongo una king'ora chake cha hatari, na mtu akitafuta jina la anachohisi, sehemu ya kufikiri huingia kazini na king'ora hupunguza sauti. Jina la jumla halifanyi kazi sana, maana halikuambii ufanye nini. Niliwasikiliza kwa heshima huku nikinusa mafuta ya cherehani.

Kasese tulikwenda juu ya lori, tukiimba njia nzima, vumbi menoni, milima ikitufuata kushoto. Nilipoitwa mbele, koo likaanza kukaza. Nikajisemea polepole, "Kinyongo." Hakikuondoka, nisikudanganye. Kilishuka tu, kikakaa pembeni, kikaniachia nafasi ya kupumua. Nikaurusha mstari juu, nikamwagia humo kwaheri yangu yote, na shule nzima ikaudaka. Watu walisimama! Mwalimu alirusha kofia yake na hatukuiona tena.

Basi juzi, na uzi wangu mkononi, nikaenda mpaka kwenye ile varanda. Sasa wanauza simu. Jirani aliniambia Mama Fundi alirudi kwao zamani, nilipokuwa shule ya bweni, na hakuna anayejua alipo. Cherehani haipo, hata alama za miguu yake kwenye saruji wamezifunika kwa sakafu mpya. Nikasimama pale, kifua kikapata moto na koo likaziba. Nikajaribu huzuni, ikaonyesha mstari. Nikajaribu hamu, ikakaribia.

Halafu nikaijua, nikacheka na kulia mbele ya wauza simu.

"Kinyongo, Mama Fundi," nikasema kwa sauti. "Na wewe umeenda bila kuniaga."

Koo likalegea. Nikamuaga hapo hapo, kisha nikarudi sokoni kubadilisha ule uzi. Muuzaji akauliza tena ninataka rangi gani.

"Nyekundu ya kahawa," nikamwambia, "yenye kuiva ku muti."