Maana ya Pili ya In-

Marcelino Kihwele alisoma Kilatini miaka mitatu katika seminari ndogo huko Iringa. Hakufukuzwa. Baba yake alifariki, nyumbani Tosamaganga wakabaki mama na wadogo wanne, ikabidi aache njia ya upadri na kwenda chuo cha ualimu. Mimi nilimfahamu miaka mingi baadaye hapa Mbeya, katika shule binafsi ya Kiingereza pale Iyunga. Nilikuwa nafundisha hisabati. Yeye alifundisha Kiingereza, darasa la tano hadi la saba.

Nakiri kwamba nilimwonea wivu. Walimu wengine tuliwakaririsha watoto orodha za maneno, maneno ishirini kila Ijumaa, na Jumatatu yameyeyuka. Marcelino alikuwa anavunja neno. Aliandika portable ubaoni, akaligawa kwa chaki ya rangi mbili. Port ni mzizi, umetoka Kilatini, ni kubeba. Able ni kiambishi tamati. Kisha, kwa sauti ya chini maana Kiswahili kilikatazwa darasani, aliwaambia: "Ni kama sisi tunavyosema bebeka, pikika, lika. Hiyo -ika yetu ndiyo able yao." Watoto wakaanza kujibebea wenyewe: transport, kubeba kuvuka, export, kubeba kwenda nje. Alikuwa na mizizi kama arobaini aliyowapa. Spect, kutazama. Scrib, kuandika. Flam, mwali wa moto.

Aliyeipenda kazi hiyo kuliko wote alikuwa Mercy, msichana wa darasa la sita. Baba yake ni seremala, mama yake, Frida, fundi cherehani. Mama Mercy hakusoma Kiingereza hata kidogo. Siku ya wazazi alimshika Marcelino mkono akamwambia, "Mwalimu, mwanangu ananisomea mpaka maandishi ya kwenye sabuni."

Basi mkuu wetu wa shule, Mwalimu Silvester, akaona matokeo ya majaribio yamepanda, akataka njia ya Marcelino ichapwe kwenye bango kubwa, moja kila darasa. Marcelino aliandaa rasimu kwa wiki mbili, akaileta ofisini. Nilikuwepo.

Mkuu aliipitia kwa kalamu nyekundu. Akafika kwenye in-. "Hapa umeweka safu mbili. Kwa nini?"

"Kwa sababu ina maana mbili, mkuu. Kwenye incorrect, in- ni kukanusha, si sahihi. Kwenye inhale ni ndani, kuvuta hewa ndani. Ikikutana na p inageuka im-, lakini maana ni zilezile mbili: impossible, haiwezekani, import, kubeba kuleta ndani."

"Mtihani unawauliza kinyume cha neno. Correct, incorrect. Basi."

"Lakini yapo maneno yatakayowadanganya. Mtoto akidhani kila in- ni si..."

"Mwalimu Kihwele, hawa ni watoto. Utawachanganya. Kiambishi kimoja, maana moja. Hiyo nyingine wataikuta sekondari." Akaikata safu ya pili kwa mstari mmoja. Kisha akanigeukia. "Au unaonaje, mwalimu wa hisabati?"

Nilisema bango likiwa jepesi watoto watalishika. Marcelino alinitazama, akatazama karatasi yake, akasema, "Sawa, mkuu."

Bango likachapwa. Yeye mwenyewe akalifundisha jinsi lilivyo. Alipanga kuileta ile maana ya pili baada ya likizo, polepole, kwa mifano. Aliniambia hivyo na ninaamini alikusudia.

Likizo haikufika. Jumamosi moja mchana mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida ya Mbeya, isiyo na haraka. Mama Mercy alikuwa jikoni, maharage yanachemka kwenye jiko la mkaa. Meza mpya ya baba Mercy ilikuwa imeingizwa humo kuikwepa mvua, na juu yake yamegandia matone ya vanishi. Mama alichukua kopo la thina, dawa ya kuyeyushia vanishi, la mumewe ili ayafute. Alisita. Lilikuwa linanuka, na moto ulikuwa karibu. Lebo ilikuwa imechanika, limebaki neno moja kubwa.

Akamwita Mercy. "Hebu nisomee hapa. Si kitu cha kulipuka hiki?"

Mercy alisoma: inflammable. Hakuwahi kuliona. Alifanya kama alivyofundishwa, akalivunja. In, si. Flam, mwali. Able, -ika. "Imeandikwa haiwakiki, Mama. Haishiki moto."

Mama akafungua kopo, akalowesha kitambaa.

Neno hilo halikanushi. In- yake ni ile ya pili, ya kuingia: kitu kinachoweza kuingia katika mwali. Inflammable na flammable ni kitu kimoja, na ndiyo maana siku hizi viwanda vingi huandika hilo fupi, watu wasikosee.

Mvuke ulishika kwanza, kisha kitambaa, kisha mikono ya Mama Mercy hadi kwenye viwiko. Jirani alimfunika kwa blanketi. Alilazwa wiki saba.

Marcelino aliijua habari Jumatatu, kwa Mercy mwenyewe. Msichana alisimama mbele ya meza yake na sare yake, hakulia. "Mwalimu, nilikosea wapi?" aliuliza. Akamtajia vipande vitatu, kimoja kimoja. Marcelino alimwambia, "Hukukosea, mwanangu. Ulifanya sawasawa na bango." Kisha akaja darasani kwangu, akaniomba nimsindikize.

Tulikwenda wote wawili hospitali. Marcelino aliyasema yote kando ya kitanda, hata ya safu iliyokatwa, hata ya "sawa, mkuu". Mama Mercy alimsikiliza, mikono imefungwa bandeji mpaka juu.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua," alisema.

"Nilikuwa najua, mama."

"Mimi sikujua. Mtoto hakujua." Akageuza uso ukutani. Hatukuambiwa tuondoke, lakini tuliondoka.

Katika kikao cha walimu Marcelino alileta rasimu yake ya kwanza yenye safu mbili, akaomba mabango yashushwe. Mkuu alisema ajali ya nyumbani haihusiani na shule, na kwamba hakuna mzazi aliyelalamika. Ilikuwa kweli, baba Mercy alimlaumu mkewe na kopo lake mwenyewe. Mkuu akauliza kama yupo mwalimu mwingine mwenye hoja. Tulikuwa kumi na wanne. Mimi nilikuwa naandika muhtasari wa kikao, na niliendelea kuandika.

Kesho yake Marcelino alipita darasa kwa darasa akaongeza safu kwa kalamu ya wino mzito. Alipewa barua ya onyo kwa kuharibu mali ya shule, na mabango mapya ya safu moja yakabandikwa. Mwisho wa muhula aliacha kazi, akarudi Iringa.

Mercy alifaulu darasa la saba, Kiingereza alama ya juu. Lakini hakuwahi tena kukisia neno. Akikutana na neno geni aliliacha wazi, hata ukimbembeleza, na nyumbani hakumsomea tena mtu kitu chochote.

Mwaka huu Marcelino alinipigia simu. Analima viazi huko kwao. Hakuuliza habari za shule. Aliuliza kama Mama Mercy ameweza kushika sindano.

"Bado," nilimwambia. "Vidole havikunjiki."

 Nikasikia ng'ombe upande wake. Nilitaka kumwambia habari ya siku ile ofisini, kwamba na mimi nilikuwa na mdomo wa kumtetea. Akasema asante kwa kunijulisha, salamu kwa wote, akakata.